Akaunti ya GR/IR mwisho wa mwezi: dhana potofu na ukweli

Katika SAP, ghala likipokea mali kwa `MIGO`, mfumo unadebiti stoo na kukrediti akaunti ya GR/IR kwa bei ya oda. Ankara ikiingizwa kwa `MIRO`, GR/IR inadebitiwa na msambazaji anakreditiwa. Kinachobaki humo ni mali iliyopokelewa bila ankara, au ankara iliyotangulia mali. VAT haipiti hapa.

Dhana: salio limebaki kwa sababu msambazaji alipandisha bei.

Mara nyingi sivyo. Mali ikishatangulia, ankara inafunga GR/IR kwa thamani ya mapokezi, na tofauti ya bei inakwenda kwingine: kwenye stoo ikiwa mali inathaminiwa kwa wastani na bado ipo, au kwenye akaunti ya tofauti za bei ikiwa ina bei ya kudumu. Kinachobaki ni tofauti ya idadi.

Tuseme oda ni ya mifuko 500 ya saruji kwa shilingi 16,000, stoo ilikuwa tupu, na bei ni ya wastani. Mapokezi ya mifuko yote yanaweka krediti ya 8,000,000. Ankara inakuja ya mifuko 480 kwa 16,500, yaani 7,920,000. GR/IR inadebitiwa 7,680,000, na 240,000 inaongezwa kwenye thamani ya stoo. GR/IR imebaki na 320,000, ambayo ni mifuko 20 kamili kwa bei ya oda. Anayekwenda kubishana na msambazaji kuhusu ile shilingi 500 ya nyongeza kwa mfuko hataligusa salio hili hata kidogo.

Dhana: kilichopita siku 90 kifagie kwa `MR11`.

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. `MR11` inasawazisha thamani. Idadi ya stoo haiigusi. Kama ile mifuko 20 ilichanika ikarudishwa na lori bila kuandikwa, ukiendesha `MR11` stoo itabaki na mifuko 500 kwenye mfumo yenye thamani ya 7,920,000, sawa na 15,840 kwa mfuko. Ukiandika marejesho kwa muvumenti `122`, stoo inabaki na mifuko 480 kwa 16,500, bei uliyolipa kweli. GR/IR inakuwa sifuri kwa njia zote mbili, ndiyo maana kosa hili halionekani mpaka siku ya kuhesabu stoo.

Kwa hiyo fungua kwanza historia ya oda kwenye `ME23N`, kisha muulize mtu wa ghala na uangalie taarifa ya msambazaji. Ikiwa mali imerudi, tumia `122`. Ikiwa karani alihesabu vibaya, punguza mapokezi kwa `102`. Ikiwa mali ipo na ankara haijaja, idai. Krediti hiyo ni deni halali. Tanzania na Kenya, madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6, hivyo siku 90 hazifuti deni. `MR11` iachie salio ambalo msambazaji amethibitisha kwa maandishi kwamba hatalitolea ankara, na liwe na idhini. Ankara ikija baadaye, ghairi kwanza hati ya `MR11` kupitia `MR11SHOW`, la sivyo ankara hiyo itafungua debiti mpya.

Angalia pia ankara zilizohifadhiwa kwa `MIR7` bila kupostiwa. Hizo haziigusi GR/IR. Iliyozuiwa malipo ni tofauti: imeshapostiwa, na deni la msambazaji limeshaingia.

Dhana: jumla ikiwa sifuri, akaunti ni safi.

Krediti ya milioni 4 kwenye oda moja na debiti ya milioni 4 kwenye nyingine zinaleta sifuri, na zote mbili ni matatizo. Linganisha kwa oda na laini yake. `F.13` hufanya hivyo ikiwa sehemu ya `Assignment` inabeba namba ya oda, lakini inaoanisha tu vitu vilivyokwisha kusawazika; haitatui tofauti yoyote.

Kisha linganisha `MB5S` na salio la leja. Zikitofautiana, tafuta kwanza ingizo la mkono: mtu "alisafisha" salio la zamani kwenye leja, na historia ya oda haikujua. Likishapatikana ligeuze, halafu tatua oda yenyewe. Akaunti hii inafaa kuwekewa `Post Automatically Only` ili ingizo la aina hiyo lisipite tena.

Dhana: mwisho wa mwezi andika limbikizo la mali isiyo na ankara.

Ikiwa mapokezi yamethaminiwa, krediti ya GR/IR ndiyo limbikizo lenyewe; ingizo la pili linahesabu deni mara mbili. Kinachohitajika ni kuendesha `F.19`, inayotenga kwenye mizania krediti za mali isiyo na ankara na debiti za ankara zisizo na mali, kisha maingizo hayo yageuzwe tarehe 1 ya mwezi unaofuata.