Kura ya mikono katikati ya mada, na majibu unayoyaandika kabla hujauliza

Kura ya mikono ni pale mzungumzaji anaposimamisha mada yake kidogo, anatupa swali lenye majibu mawili matatu, watu wananyoosha mikono, anaangalia, anaendelea. Kila mtu ameshaiona. Ila wengi wanaiishia nusu, wanaandaa swali halafu wanaandaa jibu moja tu, lile wanalotegemea, matokeo yakija tofauti utamsikia anasema "kama mnavyoona wengi wenu..." na huku ukumbini wengi hawajasema hivyo kabisa. Hapo watu wanajua mikono yao haikuwa na kazi, na ukiuliza mara ya pili hawanyooshi tena.

Ikifanywa sawasawa ni njia panda. Kila matokeo yanayoweza kutokea yana sentensi zake zimeshaandikwa kwenye karatasi yako, na njia zote zinarudi sehemu moja ili mada isipotee. Kipimo chake rahisi tu, andika majibu yako kwa kila matokeo, ukiona yote yanafanana basi lile swali halina faida, lifute uendelee na mada.

Tuchukue mfano. Unaongea na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, watu kama 40 hivi, mada ni riba. Kwenye ubao unaandika mikopo miwili, yote ya 1,200,000, miezi 12, kila mwezi mtu anarudisha mtaji 100,000 na riba juu yake. Mkopo A riba yake ni asilimia 2 kwa mwezi ya mkopo wote ulioanza nao. Mkopo B ni asilimia 3 kwa mwezi ya deni lililobaki tu. Swali: upi utakufanya ulipe riba ndogo mpaka mwisho?

Jibu ni B. Mkopo A unalipa 24,000 kila mwezi bila kubadilika, mara 12 ni 288,000. Mkopo B mwezi wa kwanza ni 36,000, unaofuata 33,000, unashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho 3,000, ukijumlisha ni 234,000. Tofauti 54,000. Swali zuri kwa kura kwa sababu jicho linaikimbilia ile mbili, na wewe unaweza kukisia kabla mikono itaenda wapi. Sasa kaa chini uandike.

Matokeo ya kwanza, wengi wameenda A. Ndiyo yanayotegemewa, na ndiyo yenye mtego kwa mzungumzaji, maana ulimi unawasha kusema "mmekosea". Usiseme. Andika hivi: "Asanteni, naona mikono mingi iko kwa A, na ukiangalia mbili na tatu peke yake ni haki kabisa kwenda huko. Tuchukue kalamu tuone shilingi zenyewe."

Ya pili, wengi wameenda B. Hapa ambaye hakujiandaa anaishiwa pumzi, mshangao wake wote umeyeyuka. Na usikimbilie kuwasifu, kuna watu wananyoosha B kwa sababu tu wamehisi kuna mtego, mkufunzi gani atauliza swali la wazi hivyo? Kwa hiyo jibu lako linaomba sababu: "Wengi B, naona humu kuna watu wameshalipa mikopo. Mama pale, tusaidie, kwa nini umeiacha ile ya mbili?" Akitaja deni kupungua, umepata mwalimu msaidizi. Akisema "nimehisi tu", sawa, "haya, kalamu ndiyo itatuambia."

Ya tatu ni nusu kwa nusu. Kwa maoni yangu haya ndiyo matokeo matamu kuliko yote na ndiyo watu wanayapita haraka. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, alianza miaka ya 1990 kufundisha hivi: wanafunzi wanajibu kila mtu kivyake, waliopata wakiwa chini ya kama asilimia 30 anarudia kufundisha, wakizidi 70 anaeleza kwa kifupi anasonga, wakiwa katikati anawaachia wabishane na majirani zao halafu wanapiga kura upya. Nawe andika hivyo: "Tumegawanyika. Mgeukie jirani aliyenyoosha tofauti na wewe, dakika mbili, mwambie sababu yako." Baada ya hapo kura tena, kisha kalamu.

Ya nne, mikono mitano tu, ukumbi mzima umenyamaza. Usiwaambie "mbona mmelala?" maana mara nyingi swali ndo halijaeleweka au watu wanaogopa kuumbuka mbele ya mwenyekiti wao. Jibu: "Wengi bado wanapiga hesabu, vizuri. Nisome tena mikopo yote miwili polepole, halafu kila mtu lazima achague upande hata kama ni wa kubahatisha." Soma, subiri hata sekunde kumi, kimya cha sekunde kumi ukiwa mbele kinaonekana kirefu sana lakini kwa aliyekaa anafikiri ni kifupi.

Unaona, njia zote nne zinaishia kwenye kalamu. Hapo ndipo mada inaposhika barabara yake.

Sasa namna ya kuhesabu. Uliza pande zote mbili, usiulize tu "nani A?" ukadhani waliobaki ni B, waliobaki wengi hawajachagua kitu. Nyoosha mkono wako wakati wa kuuliza kila upande, la sivyo watu hawajui kama ni kuitikia kwa mdomo au vipi. Halafu sema unachokiona kwa sauti, "kama robo tatu hivi wako A", maana wa mbele hawaoni nyuma.

Wa nyuma nao wanaona mbele, na hiyo ni shida kubwa zaidi. Mwanasaikolojia Solomon Asch alionyesha miaka ya 1950 kwamba watu wengi wanakubali jibu la uongo la waziwazi kabisa, urefu wa mistari tu, kisa wenzao wote wamelisema, na walipoandika jibu pembeni badala ya kulitamka hali hiyo ilipungua sana. Kwa hiyo kabla ya mikono waambie waandike A au B kwenye karatasi au kiganjani, ndipo wanyooshe. Ukiona mikono inapanda taratibu kama wimbi kutoka upande aliokaa katibu, ujue hiyo siyo kura ya watu 40, ni kura ya katibu.

Baada ya hesabu kuisha ubaoni, piga kura ya pili, wengi wanaisahau. Badilisha namba moja tu: mkopo B sasa ni asilimia 4 ya deni lililobaki, A haijaguswa. Riba ya B inakuwa 312,000, yani safari hii A ndiyo nafuu. Wakienda A wengi, sema "haya, aliyehesabu atuonyeshe" na usonge. Wakienda B wengi, maana yake walichobeba ni kwamba riba ya deni lililobaki ni nafuu siku zote, kitu ambacho hukukisema lakini ndicho walichokisikia, na jibu lililoandikwa hapo ni "rudini kwenye mwezi wa kwanza, asilimia 4 ya 1,200,000 ni shilingi ngapi?" 48,000. Halafu wajumlishe wenyewe mpaka mwezi wa 12, wewe kaa.