Riba ni matumizi, rejesho la mkopo si matumizi

"Kila mwezi benki inakata kiasi kimoja, riba na mkopo kwa pamoja. Kwa nini basi kwenye bajeti ya shirika tusikiweke chote kwenye mstari mmoja wa matumizi?"

Kwa sababu ndani ya makato hayo kuna vitu viwili vya asili tofauti. Riba ni gharama ya kutumia fedha za mtu mwingine. Sehemu nyingine ni fedha yenyewe inayorudi kwa mwenyewe. Ukipanga nyumba, kodi ya kila mwezi ni gharama yako, lakini siku unapohama na kukabidhi nyumba, hakuna anayesema umetumia nyumba nzima. Ulipoingia haikuwa yako, na ulipotoka umeirudisha. Ndivyo ilivyo kwa mkopo: fedha zilipoingia hazikuwa mapato, kwa hiyo zinaporudi haziwi matumizi.

Tuchukue shirika lililokopa 6,000,000 kununua mashine itakayotumika miaka 8. Mkopo ni wa miaka 5, riba ni asilimia 12 kwa mwaka, inakokotolewa kwenye salio linalopungua, na kila mwezi shirika linarejesha 100,000 ya mkopo wenyewe. Mwezi wa kwanza riba ni 60,000, wa pili 59,000, hadi 49,000 mwezi wa kumi na mbili. Kwa mwaka wa kwanza riba inafika 654,000 na marejesho 1,200,000. Jumla inayokatwa na benki ni 1,854,000.

Tuseme mapato yakishatolewa mishahara na gharama zote za uendeshaji yanabakiza 2,300,000. Uchakavu wa mashine, yaani bei yake ya 6,000,000 ikigawanywa kwa miaka 8, ni 750,000 kwa mwaka. Ukitoa uchakavu na riba, bajeti inaonyesha ziada ya 896,000. Lakini ukiingiza makato yote ya benki kwenye matumizi, unapata nakisi ya 304,000. Nakisi hiyo si ya kweli. Bei ya mashine imehesabiwa mara mbili, mara moja kama uchakavu na mara ya pili kama rejesho la mkopo ulioinunua. Bodi inaweza kusitisha kazi nzuri kwa sababu ya hasara ambayo haipo.

Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi, na ni jepesi kufanyika: kuonyesha riba tu, kisha kulisahau rejesho. Hapo bodi inaiona ziada ya 896,000 na kuanza kuipangia kazi. Fedha taslimu zitakazokuwepo ni 446,000 tu, yaani 2,300,000 ukitoa 1,854,000. Tofauti ya 450,000 ni rejesho linalozidi uchakavu: deni linalipwa kwa miaka 5, wakati mashine inachakaa kwa miaka 8. Kwa hiyo rejesho lazima lionekane, ila chini ya mstari wa ziada, kwenye sehemu ya mtiririko wa fedha.

Mkopeshaji huanzia hapohapo. Haisomi ziada kama ilivyo. Anairudishia riba na uchakavu, anapata 2,300,000, kisha anaigawa kwa 1,854,000. Jibu ni 1.24: kwa kila 100 ya deni inayodaiwa mwaka huo, kuna 124 za kuilipa. Wengi hutaka isipungue 1.2 au 1.25, ingawa kila mkopeshaji ana kiwango chake, na dhamana au historia nzuri ya ulipaji inaweza kukilegeza. Ikiwa mistari miwili imechanganywa, hawezi kujua arudishie kiasi gani. Atauliza ratiba ya marejesho, na takwimu za bajeti zisipolingana nayo, ataanza kuzitilia shaka hata zile zilizo sahihi.

Kwa mashirika yanayoendeshwa kwa ruzuku kuna swali jingine, nalo ndilo huwashtua wengi: ni fedha zipi hasa zitakazolipa? Tuseme ndani ya zile 2,300,000, 500,000 ni za mfadhili, zimefungiwa mradi utakaoendelea mwaka ujao. Zipo benki, lakini hazina ruhusa ya kulipa deni. Mkopeshaji anaziondoa, zinabaki 1,800,000, na uwiano unashuka hadi 0.97. Shirika lililoonekana kumudu deni sasa linapungukiwa 54,000.

Ndiyo maana bajeti inayosomeka vizuri hutenga pia safu ya fedha zisizo na masharti, na riba na rejesho huwekwa kwenye safu hiyo. Riba ikilipwa na mfadhili, hilo huandikwa pale tu mkataba wa ruzuku unapoiruhusu, maana wafadhili wengi hawakubali fedha zao zilipe riba.