Simu kama maiki ukumbini: tatizo kubwa ni sauti kuchelewa

Vikundi vingi hapa Lamu huniuliza kama vinaweza kuacha kukodi maiki na kutumia simu pamoja na spika ya Bluetooth. Programu za kazi hiyo zipo, nyingine za bure: unaifungua, unaiunganisha simu na spika, unaongea. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa mtu mmoja anayezungumza kwa sauti ya chini. Nje ya hapo mambo huharibika, na chanzo ni kuchelewa.

Bluetooth haipitishi sauti moja kwa moja. Simu huikusanya kidogo kidogo, huibana, huituma, na spika huifungua na kuiweka akiba kabla ya kuitoa. Safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya milisekunde 100 na 300. Kwa muziki hujali, maana hujui wimbo ulianza saa ngapi. Kwa mzungumzaji aliye mbele yako, sikio linagundua. Sauti mbili, ya mdomo na ya spika, zikipishana kwa chini ya milisekunde 30 hivi, husikika neno moja. Zikipishana sana, unasikia neno na mwangwi wake.

Kupima ni rahisi. Weka simu ya maiki karibu na spika, sauti ikiwa ndogo, na simu ya pili kati ya hizo mbili ikirekodi. Gonga simu ya maiki kwa sarafu. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na upime nafasi kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Katika mkutano wa chama cha akina mama mtaa wa Langoni nilipata milisekunde 210. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni kana kwamba spika ile ilikuwa mita 71 kutoka kwa msemaji, na ukumbi wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 10.

Mweka hazina wao ana sauti ndogo sana. Nilimwambia, "Mama, isogeze simu ubavuni mwa mdomo, sehemu ya kuchajia ikuelekee, kisha uongee kama unavyomwambia jirani." Kwenye simu nyingi maiki iko huko chini. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, ukubwa wa wimbi la sauti linaloingia huongezeka maradufu, hivyo kutoka sentimita 40 hadi 5 unapata mara 8 bila kugusa kitufe cha spika. Spika niliiweka juu ya meza, mita tatu mbele yake na pembeni, ikiwatazama watu. Kwa kuwa sauti yake halisi haikufika mbali, waliokaa nyuma walisikia ya spika peke yake, na hesabu zikaeleweka.

Mwenyekiti alipoishika simu, mambo yaligeuka. Ana sauti kali, na kuta zile za mawe ya matumbawe huirudisha sauti vizuri hata bila spika. Walio mbele walisikia kila neno mara mbili, naye akaanza kukwama, kwa sababu kujisikia ukichelewa kwa kiasi kile humvuruga msemaji yeyote. Tuliizima spika, akaendelea kwa koo lake.

Mambo mawili mengine huwasumbua watu. Sauti ikitoka nyembamba kama ya mazungumzo ya simu, huenda programu imeingia kwenye njia ya kupigia simu, na huenda inatumia maiki iliyomo ndani ya spika. Kwaruza simu kwa ukucha, kisha gonga spika. Inayosikika ndiyo maiki unayotumia. Nenda kwenye mipangilio ya programu uchague maiki ya simu.

La pili ni spika kulia. Kwa waya huja kama filimbi, lakini kwa Bluetooth huanza kwa namna nyingine: mwisho wa neno hurudi, hurudi tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Ukisikia mkia wa neno unajirudia, punguza sauti hapo hapo, na usiruhusu mtu atembee na simu mbele ya spika.

Kabla ya kuanza, washa hali ya ndege kisha uwashe Bluetooth tena, ili simu isiite katikati ya dua. Iweke spika juu kuliko vichwa vya watu, maana miili huzuia mawimbi ya Bluetooth, na zaidi ya mita 10 kati ya simu na spika usitegemee.

Kaswida na dufu usijaribu kwa njia hii. Mwimbaji hufuata mpigo, na mpigo uliochelewa humtoa kwenye mwendo. Ukichomeka waya wa AUX kutoka simu hadi spika kuchelewa hupungua sana. Ile simu ya Langoni ilishuka chini ya milisekunde 50. Lakini hapo umepoteza kutembea, na kwa mwimbaji bado ni kubwa. Kwa kazi hiyo kodi maiki ya waya, au ile isiyo na waya yenye kipokezi chake kinachochomekwa kwenye spika.