Kwa nini malipo mengine ya kadi hupita bila namba ya uhakiki

Wenye hoteli na mawakala wa safari ninaowaunganishia malipo ya kadi hapa Mwanza huniuliza jambo lile lile kwa namna mbili. Kuna anayeuliza kwa hofu: "Kaka, pesa imeingia na mteja anasema hakutumiwa namba yoyote kwenye simu, huyu si tapeli kweli?" Kuna na anayeuliza kwa hasira, kwamba wateja wake karibu wote wanaombwa namba ya uhakiki na baadhi yao wanakata tamaa njiani, ilhali wa jirani yake wanalipa na kumaliza. Wote wawili wanazungumzia uamuzi mmoja, ambao hufanywa na benki iliyotoa kadi ya mteja, wala si tovuti yao, na hufanywa kabla pesa haijaombwa.

Uamuzi huo hupitia utaratibu uitwao EMV 3-D Secure. Toleo lake la zamani, ambalo mitandao mikubwa ya kadi iliacha kulitumia mwaka 2022, lilibeba taarifa chache mno kiasi kwamba benki haikuwa na mengi ya kupima zaidi ya kumwomba mteja nenosiri. Toleo la pili, ambalo maelezo yake ya kiufundi yalitolewa mwaka 2016, linaipa benki taarifa nyingi kuhusu malipo yenyewe, kifaa kinachotumika na uhusiano wa mteja na muuzaji, ili benki iweze kujiridhisha kimya kimya na kumsumbua mteja pale tu inapokuwa na shaka.

Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, ukurasa wa malipo kwanza hufungua kijidirisha kisichoonekana kinachozungumza na seva ya benki yake, ili benki ikitambue kifaa kama imewahi kukiona. Kisha ujumbe uitwao `AReq` hutumwa kupitia mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard, hadi kwa benki hiyo. Benki hujibu kwa ujumbe uitwao `ARes`, ambao ndani yake mna herufi moja yenye uzito kuliko mengine yote, nayo imo katika sehemu ya `transStatus`. Herufi `Y` maana yake benki imeridhika na mteja hataulizwa kitu. Herufi `C` maana yake benki inataka mteja athibitishe, ama kwa namba itakayomjia kwa ujumbe mfupi, ama kwa kukubali ndani ya programu ya benki kwenye simu yake.

Tuchukue mfano wa wakala mwenye ofisi maeneo ya Capri Point, anayeuza safari ya siku mbili ya Serengeti kwa kuingilia lango la Ndabaka, kwa shilingi 850,000. Jioni moja yanakuja malipo mawili ya kiasi hicho hicho, yote kwa kadi za benki moja ya Tanzania. Mlipaji wa kwanza ni mkazi wa Mwanza aliyefungua akaunti kwenye tovuti ya wakala zaidi ya miezi miwili iliyopita, anatumia simu ile ile aliyozoea kulipia vitu vingine, na anwani ya intaneti inaonyesha kwamba yuko Tanzania. Mlipaji wa pili hana akaunti, analipa kama mgeni wa tovuti, kompyuta yake benki haijawahi kuiona, anwani yake ya intaneti ni ya nchi ya mbali, na nusu saa iliyopita kadi hiyo hiyo ilijaribiwa katika maduka mengine mawili ya mtandaoni. Benki inampa wa kwanza `Y` na wa pili `C`, ingawa bei ni ile ile, muuzaji ni yule yule na safari ni moja.

Hakuna dalili hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Mtu anaweza kununua kompyuta mpya, anaweza kusafiri, na anaweza kulipa bila kufungua akaunti kwa sababu tu amechoka kujaza fomu. Mfumo wa benki hujumlisha dalili zote na kutoa alama ya hatari, kisha hulinganisha alama hiyo na kiwango ambacho benki yenyewe imejiwekea. Muuzaji kwa kawaida haioni alama, na kiwango cha benki moja si cha nyingine, kwa hiyo malipo yanayofanana kabisa yanaweza kupita kwenye kadi ya benki moja na kusimamishwa kwenye kadi ya benki nyingine. Wengi hudhani pia kwamba kiasi kidogo hupita tu. Sivyo, kwa kuwa wezi wa kadi hupenda kuanza na kiasi kidogo ili kujua kama kadi iko hai, na benki zinalijua hilo.

Muuzaji hawezi kuiamuru benki imwache mteja apite. Katika `AReq` ipo sehemu iitwayo `threeDSRequestorChallengeInd` ambamo anaweza kueleza anachopendelea: `01` maana yake hana pendekezo, `02` anaomba mteja asiulizwe, na `03` angependa aulizwe. Hayo ni maombi tu. Mimi huwaachia wateja wangu wengi `01`, na kwa malipo makubwa ya vikundi yanayofanywa saa chache kabla ya safari huweka `03`, hata kama mwenye biashara ananung'unika kwamba nawasumbua wageni wake.

Kilicho mikononi mwa muuzaji ni ukweli na ukamilifu wa taarifa anazotuma, na hapa ndipo palikuwa na tatizo la yule aliyeniuliza kwa hasira. Tovuti yake ilikuwa imetengenezwa na fundi mwingine, na nilipofungua kumbukumbu za `AReq` niliona jambo ambalo halihitaji utaalamu mkubwa kulitambua: katika malipo yote, `browserIP`, yaani anwani ya intaneti ya mteja, ilikuwa moja, na `browserTZ`, yaani tofauti kati ya saa za kifaa chake na saa ya kimataifa ya UTC, ilikuwa `0`. Mteja wa Nyegezi, mteja wa Bukoba na mteja wa Musoma wote walionekana wameketi mbele ya kompyuta moja, nayo iko kwenye kituo cha seva ng'ambo. Fundi alikuwa anajaza taarifa za kivinjari kwa kusoma mazingira ya seva ya tovuti badala ya kuzichukua kwenye kifaa cha mteja. Kwa benki, kadi ya Mtanzania inayolipa kutoka kituo cha seva, kwa saa ya nchi nyingine, ni sura halisi ya utapeli, na ilikuwa na haki kabisa ya kuuliza.

Sehemu ya `browserTZ` huandikwa kwa dakika, na kwa kuwa saa zetu ziko mbele ya UTC kwa saa tatu, thamani sahihi kwa mtu aliyeko Mwanza ni hasi 180. Thamani hiyo inapaswa kusomwa ndani ya ukurasa unaofunguka kwenye kifaa cha mteja, kabla fomu haijatumwa:

```js
const browserTZ = new Date().getTimezoneOffset();
// kwa kifaa cha Mwanza: -180
```

Anwani ya intaneti haiwezi kusomwa hivyo, kwani inajulikana pale seva inapopokea ombi. Ikiwa mbele ya seva kuna kipokezi kingine cha maombi, seva itaona anwani ya kipokezi hicho, na ile ya mteja huwa imewekwa kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `X-Forwarded-For`. Ichukuliwe humo, lakini ile tu iliyoandikwa na kipokezi unachokimiliki au unachokiamini, kwa sababu mtu yeyote anaweza kutuma kichwa hicho akiwa amejiandikia anwani anayotaka. Kwenye tovuti hiyo hiyo nilikuta pia kwamba kile kijidirisha kisichoonekana hakikuwa kikifunguliwa kabisa, hivyo benki zilinyimwa nafasi ya kukitambua kifaa. Baada ya kurekebisha yote mawili, herufi `Y` zilianza kuonekana mara kwa mara, na `C` zilibaki kwa watu ambao ukiitazama safu ya taarifa zao unaelewa kwa nini. Kwa mteja aliye Ukerewe ambaye mtandao wa simu unamkatikia, tofauti hiyo ni kati ya kulipa na kutolipa, maana namba ya uhakiki ikichelewa muda wake huisha.

Sasa nirudi kwa mwenye hofu. Malipo yaliyopata `Y` bila namba yamehesabiwa kuwa yamethibitishwa sawa na yale ambayo mteja aliandika namba. Benki huambatisha uthibitisho wa kidijitali na alama iitwayo ECI, ambayo kwa Visa ni `05` na kwa Mastercard ni `02`. Mwenye kadi akija baadaye kusema kwamba si yeye aliyelipa, hasara kwa kawaida hubebwa na benki iliyotoa kadi, kwa kuwa ndiyo iliyokagua na kuridhika. Kinga hiyo ni ya madai ya kadi kutumiwa na asiye mwenyewe tu. Mgeni akilalamika kwamba gari halikuja au chumba hakikuwa kama kilivyotangazwa, `Y` haimsaidii muuzaji chochote.

Wageni wa Ulaya huleta mkanganyiko wa ziada. Huko kuna kanuni namba 2018/389 inayotaka uthibitisho wa hatua mbili, pamoja na misamaha yake. Mmojawapo huruhusu malipo ya kadi ya hadi euro 100 kupita ikiwa kiwango cha utapeli cha benki au kampuni ya malipo inayoomba msamaha hakizidi asilimia 0.13, na kadiri kiasi kinavyopanda hadi euro 250 na 500, kiwango kinachokubalika hushuka hadi asilimia 0.06 na 0.01. Nimeona watu wa huku wakinakili mipangilio ya msamaha huo kutoka kwenye miongozo ya Ulaya. Benki inayompokelea malipo wakala wa Mwanza iko nje ya sheria hiyo, kwa hiyo hana msamaha wa kuomba. Kilichopo kwake ni ule ukaguzi wa benki ya mgeni. Hata kule Ulaya, msamaha ukiombwa na upande wa muuzaji, hasara ya utapeli hubaki upande huo huo, tofauti na `Y` iliyotolewa na benki ya mwenye kadi.

Kwa hiyo kutoombwa namba si kitu kimoja. Mbali na `Y`, ipo herufi `A`, inayoonyesha kwamba uthibitisho ulijaribiwa ila haukuweza kukamilika, nayo huja na ECI ya `06` kwa Visa au `01` kwa Mastercard. Ipo pia `U`, inayotokea pale uthibitisho uliposhindikana kwa sababu ya kiufundi au nyingine, na hapo muuzaji akiendelea kuomba pesa anaendelea kwa hatari yake mwenyewe. Mteja, katika hali zote tatu, huona kitu kile kile: hakuulizwa. Zipo tovuti zilizoandikwa kwa kudhani kwamba kila kisicho `C` kimefaulu, zikachanganya `Y` na `U`, na hata kuendelea baada ya `N` au `R`, ambazo ni kukataliwa. Kabla ya kumjibu mwenye hoteli kama malipo yake ni salama, mimi hufungua kumbukumbu za malipo hayo na kutazama herufi na ECI yake.