Mstari wa mwisho wa barua pepe

Je, kwa nini nikimaliza barua pepe kwa "Natarajia kusikia kutoka kwako", watu hunyamaza?

Kwa sababu hujawaomba kitu. Anayesoma anaona kwamba una hamu ya jibu, lakini jibu la nini, na la lini, anabaki kukisia mwenyewe. Kukisia ni kazi, na mtu anayesoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya daladala huiweka kando kazi hiyo ili aifanye akitulia. Kufika jioni, barua nyingine ishirini zimeshaifunika yako.

Chukua mchapishaji wa fulana anayemtumia mwalimu profoma ya fulana 120 za mahafali, kila moja shilingi 9,500. Anamaliza hivi: "Natarajia kusikia kutoka kwako. Ukiwa na swali usisite." Mwalimu anaona bei, anaridhika, anafunga. Kwake mambo yamekwisha. Mchapishaji naye anasubiri ruhusa ya kununua vitambaa.

Angemaliza hivi: "Mwalimu, naomba uniambie kabla ya Alhamisi saa 6 mchana: nianze kuchapa fulana 120 kwa bei hii? Nikianza Alhamisi, utazipata Jumatano, siku tatu kabla ya mahafali." Sasa neno "Anza" linatosha kuwa jibu. Tarehe nayo ina sababu yake, kwa hiyo haisikiki kama amri. Wengi wetu huogopa kuuliza waziwazi tukidhani ni kukosa adabu. Mimi naona adabu inakaa kwenye salamu na kwenye "naomba"; kumwachia mtu afumbue fumbo si kumheshimu.

Tabu huanza pale maombi yanapokuwa matatu: thibitisha bei, tuma nembo ya shule, sema saizi. Mara nyingi mtu hujibu lile jepesi, akahisi amemaliza. Chagua linalofungua mengine. Hapa ni ruhusa ya kuanza, kwani bila hiyo nembo na saizi hazina haraka. Hayo mawili yaombe kwenye barua inayofuata, akishakubali.

Angalia pia unamwomba nani. Ukiwaandikia watu watano kwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake atajibu, kwa hiyo mtaje kwa cheo au jina yule unayemtegemea. Na kama mwalimu hana mamlaka ya kuidhinisha malipo, hata swali lililonyooka litamkwamisha. Dalili yake ni jibu la "tutaangalia". Hapo usirudie swali lilelile. Uliza lile analoweza kulijibu mwenyewe: "Mwalimu, kikao kitakachopitisha malipo haya ni siku gani?"