Koo linalouma upande mmoja, na sikio lisilo na ugonjwa

Mgonjwa nitakayemweleza hapa nimemkusanya kutoka kwa wengi ninaowaona kliniki ya masikio, pua na koo hapa Dodoma, ili asitambulike mtu yeyote. Tuseme ni mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, ana miaka 56. Aliingia akiwa amelishika sikio la kulia. "Daktari, nisafishie sikio hili. Miezi minne sasa halinipi usingizi."

Nikalichungulia. Ngoma ya sikio ilikuwa safi na inang'aa, hakuna usaha, hakuna wekundu. Nilipolivuta hakusikia maumivu, na kusikia kwake hakukuwa na kasoro. Hapo nikamwuliza swali ambalo kwangu ni la lazima kila ninapokuta sikio zima linalouma: "Mzee wangu, ukimeza mate, linafanyaje?" Akameza, akakunja uso. "Linachoma. Linatokea hapa kooni, linapanda mpaka ndani ya sikio."

Mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kutoka kooni ina matawi yanayohudumia sikio pia. Ubongo ukipokea habari kupitia njia hiyo hushindwa kutofautisha ilikotoka, basi mtu anasikia sikio linauma ilhali kidonda kiko chini kooni. Ni maumivu ya kuazimwa. Mtu mzima mwenye sikio linalouma upande mmoja, na sikio lenyewe halina tatizo, anatakiwa kuangaliwa koo lote, hasa kama anavuta sigara na kunywa pombe.

Sisemi kwamba kila koo linalouma ni saratani. Mafua na mafindofindo ndiyo tunayoyaona sana, lakini hayo kwa kawaida huuma pande zote mbili, huja na homa au kikohozi, na huisha ndani ya wiki moja au mbili. Jino bovu na tindikali inayopanda kutoka tumboni navyo huweza kusumbua koo. Kinachonitia shaka ni maumivu yanayokaa mahali palepale, upande uleule, kwa zaidi ya wiki tatu. Mgonjwa huyu aliweza kunionyesha kwa kidole kimoja: kulia, usawa wa kongomeo.

Miezi ile minne ilipitaje? Mwezi wa kwanza alinunua amoksisilini duka la dawa, akapata nafuu siku chache, maumivu yakarudi. Akabadilishiwa dawa. Mwezi wa pili alipewa dawa ya matone ya sikio. Mwezi wa tatu jirani akamwambia ni kimeo kimerefuka, akakatwa. Kukata kimeo hakutibu maumivu ya namna hii. Kunaacha kidonda kipya, kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi, na kunampa mgonjwa sababu nyingine ya kusubiri, maana sasa anaamini anauguza alipokatwa.

Katikati ya safari hiyo aliwahi kumulikwa tochi mdomoni, akaambiwa koo ni safi. Aliyemmulika hakumdanganya. Tochi na kijiti vinaonyesha kinywa, kimeo na findo, basi. Chini ya hapo, nyuma ya ulimi na pembeni ya zoloto ambako sauti inatengenezwa, kuna vijishimo viwili ambavyo chakula hupitia kuelekea kwenye umio. Uvimbe ukianza humo hauzibi kitu wala haubadilishi sauti mapema. Hukua kimyakimya. Saratani inayoanzia kwenye nyuzi za sauti ina tabia tofauti: sauti hukwaruza mapema, na anayekuja akiwa na wiki tatu au nne za sauti ya kukwaruza ana nafasi nzuri sana ya kupona. Ya kwenye vijishimo dalili yake ya kwanza inaweza kuwa hii tu, koo na sikio vinavyouma upande mmoja.

Ndiyo maana tunatumia kamera nyembamba inayopitishwa puani. Mgonjwa anakaa kitini akiwa macho, anapuliziwa dawa ya ganzi, na kwa dakika chache tunaona mpaka chini. Kwenye kijishimo cha kulia cha mzee huyu kulikuwa na kidonda chenye kingo zilizoinuka. Nilipompapasa shingo nikakuta tezi ngumu upande uleule, isiyouma. Alikuwa ameshaigusa mwenyewe, lakini kwa kuwa haikuuma hakuijali. Kwetu hapa tezi ya shingo huhisiwa mara moja kuwa kifua kikuu, na mara nyingi kweli ni hicho. Hata hivyo kabla ya kumeza dawa miezi sita, itolewe sampuli kwa sindano. Kipimo hicho hutofautisha mambo hayo mawili. Isipasuliwe ovyo ovyo. Naye alitolewa sampuli ya tezi, na kinyama kidogo cha kidonda kikakatwa akiwa amelazwa usingizi, maana jibu la saratani linatoka kwenye darubini ya maabara, si kwenye macho ya daktari.

Aliniambia anavuta sigara kumi kwa siku tangu ana miaka 26. Hizo ni pakiti nusu kwa miaka 30, zaidi ya sigara laki moja. Na jioni hunywa mvinyo, "si pombe kali, Daktari." Tukafanya hesabu pamoja. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya kilevi ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 70 hivi, yaani kama bia tatu na nusu. Alikuwa akiimaliza peke yake karibu kila jioni.

Vitu hivi viwili vikikutana havijumlishwi tu, vinazidishana. Kilevi hulainisha utando wa koo na kuruhusu sumu za moshi zipenye ndani zaidi, na chenyewe mwilini hugeuka kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Ugoro hauna moshi, lakini ni tumbaku ileile, na madhara yake makubwa yako kinywani. Asiyevuta wala kunywa naye hajasalimika kabisa: kirusi cha papiloma, kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, husababisha saratani ya findo na ya shina la ulimi. Findo moja kubwa kuliko jingine kwa mtu mzima lichunguzwe.

Ukifika zahanati, usiseme tu "koo linauma". Taja upande, taja wiki ngapi, sema kama linapanda sikioni, kama umepungua uzito, kama ugali umekushinda ukahamia kwenye uji. Taja sigara na pombe kwa kiasi chake halisi. Kisha omba rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Hapa mjini madaktari hao wako hospitali kubwa, kama ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa. Anayepumua kwa mkoromo akiwa macho, anayetema damu au asiyeweza kumeza hata mate, huyo hasubiri wiki tatu. Aende siku hiyohiyo.

Majibu ya mzee yalithibitisha saratani. Akapewa rufaa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi pamoja na dawa za saratani. Mionzi ya koo ya namna hiyo kwa kawaida huchukua wiki saba, siku tano kila wiki, hivyo familia ilibidi ipange pa kufikia. Kabla hajasafiri tulimpeleka kwa daktari wa meno, kwa kuwa kung'oa jino bovu baada ya mionzi kunaweza kuuozesha mfupa wa taya. Akaniuliza kama kuna maana ya kuacha sigara wakati ugonjwa umeshaingia. Nikamjibu kuwa ipo: mionzi hufanya kazi vibaya kwa anayeendelea kuvuta. Pakiti aliyokuwa nayo mfukoni aliiacha mezani kwangu.