Mediani iliyoshuka chini ya 30: kusoma robo kutoka kwenye alama zilizopangwa kwa makundi

Mwezi Juni, walimu wa Hisabati wa shule kadhaa za Mbeya tulikutana Uyole kuchambua matokeo ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Mwalimu mmoja kijana alinisogelea na karatasi yake ya grafu akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Naomba unitazamie hii, maana mkuu wa shule hakubali kwamba mwanafunzi wa katikati amefeli." Grafu yake ilikuwa safi, mkunjo umepanda vizuri kama herufi S iliyolala, lakini mkuu wa shule alikuwa na haki ya kukataa. Kosa lenyewe nimelikuta mara nyingi, na ndilo linalonifanya niandike haya kwa urefu kidogo.

Takwimu za shule yake sitazitoa. Nimetunga mfano wa watahiniwa 120 unaofanana na hali tunayoizoea katika somo letu, ambapo wengi wanakusanyika karibu na 30, alama inayotenganisha F na D.

| Alama | Wanafunzi | Jumla limbikizi |
|---|---|---|
| 0–9 | 6 | 6 |
| 10–19 | 18 | 24 |
| 20–29 | 26 | 50 |
| 30–39 | 34 | 84 |
| 40–49 | 16 | 100 |
| 50–59 | 10 | 110 |
| 60–69 | 6 | 116 |
| 70–79 | 3 | 119 |
| 80–89 | 1 | 120 |

Jumla limbikizi hupatikana kwa kuongeza idadi ya kila kundi juu ya zote zilizotangulia, na hakuna anayekosea hapo. Kosa huja wakati wa kuweka nukta kwenye grafu. Mwalimu yule alikuwa ameziweka katikati ya makundi: 50 juu ya 24.5, kisha 84 juu ya 34.5, na kuendelea. Ni mazoea yanayotoka kwenye poligoni ya marudio, ambayo kweli huchorwa kwa alama za katikati. Lakini tujiulize namba 50 inasema nini. Inasema kwamba wanafunzi 50 wamepata alama zisizozidi 29, na hatuwezi kusema hivyo mpaka tuwe tumelimaliza kundi lote la 20–29. Tukiwa 24.5 tumefika nusu ya kundi tu, na baadhi ya wale 26 bado wako mbele yetu. Kwa hiyo nukta lazima ikae kwenye mpaka wa juu wa kundi, ambao ni 29.5, kwa kuwa alama ni namba nzima na mpaka huangukia kati ya 29 na 30. Mkunjo huanzia sifuri kwenye −0.5, kisha hupita 9.5, 19.5, 29.5 na kupanda hadi 89.5.

Tofauti si ndogo. Mediani husomwa kwa kuanzia 60 kwenye mhimili wa wima, yaani nusu ya 120, kwenda mlalo hadi kwenye mkunjo, kisha kushuka hadi kwenye alama. Kwa nukta za mpaka wa juu tunaangukia ndani ya kundi la 30–39, ambako tunahitaji watu 10 kati ya 34:

```
29.5 + (60 - 50) / 34 * 10 = 32.4
```

Kwa nukta za katikati, kila kitu kinasogea kushoto kwa alama 5 kamili, yaani nusu ya upana wa kundi, na mediani inasomeka 27.4. Mwanafunzi wa katikati aliyefaulu kwa D anageuka kuwa mwenye F kwa sababu ya penseli tu.

Ipo njia ya haraka ya kuligundua kosa hili bila kuchora upya. Panda kutoka 29.5 hadi kwenye mkunjo na usome idadi. Jibu linapaswa kuwa 50, kama jedwali linavyosema. Grafu yenye nukta za katikati itakupa 67. Nilimwomba mwalimu yule afanye hivyo kwa takwimu zake, na alipoona grafu inawafelisha wanafunzi wengi kuliko jedwali lake mwenyewe, alichukua kifutio bila kuniuliza zaidi. Kuhusu wale wanaobishania kama mediani isomwe kwenye 60 au 60.5, hapa tofauti haifiki hata alama 0.2. Tuwaache.

Robo ya chini husomwa kwenye 30 ya mhimili wa wima na robo ya juu kwenye 90. Tunapata 21.8 na 43.3. Mchoro wa kisanduku sasa uko tayari: kisanduku kutoka 21.8 hadi 43.3, na mstari wa kukikata kwenye 32.4. Mistari inayotoka pande mbili ndiyo yenye utata, kwa sababu jedwali linajua tu kwamba wa mwisho yuko mahali fulani kati ya 0 na 9, na wa kwanza kati ya 80 na 89. Kama orodha ya alama ipo, chukua alama halisi kutoka humo. Kama haipo, chora hadi 0 na 89, kisha andika chini ya mchoro kwamba hiyo ni mipaka ya makundi, wala si alama za mtu yeyote.

Jambo linaloniumiza zaidi ni desturi ya kuchora grafu hii kutoka kwenye madaraja, kwa kuwa ndiyo takwimu iliyo tayari mezani kwa mwalimu wa taaluma. Wanafunzi wetu 120 wanaweza kugawanyika hivi: F 50, D 43, C 21, B 4 na A 2. Upana wa madaraja haulingani, lakini hilo peke yake halina shida, kwani grafu limbikizi hulipokea bila marekebisho. Shida ni kwamba F imebeba alama zote kuanzia 0 hadi 29. Mediani inatoka 33.0 na robo ya juu 43.5, karibu sawa na mwanzo. Robo ya chini, hata hivyo, inashuka hadi 17.5.

Hakuna mwanafunzi aliyepoteza alama. Kuunganisha nukta kwa mstari mnyoofu ni kudai kwamba watu wa kundi wametawanyika sawasawa ndani yake, na hapa tumedai kwamba wale 50 wamejipanga sawia tangu 0 hadi 29, wakati jedwali la kwanza linaonyesha kwamba 26 kati yao wako kwenye 20–29. Upande wa kushoto wa kisanduku unarefuka kutoka alama 10.6 hadi 15.5, na anayeutazama ataamini kwamba wanafunzi dhaifu wameachwa nyuma sana, kumbe wengi wao wamebakiza alama chache tu kufikia D. Robo inapoangukia ndani ya daraja la F, rudi kwenye orodha na uligawe kundi hilo kwa kumi kumi kabla ya kuchora.

Dai lilelile la kutawanyika sawasawa linaweza kuvunjika hata kwenye makundi membamba. Wasahihishaji wengi humtazama mara ya pili mwenye 28 au 29, na akipatikana na alama moja au mbili mahali, anapandishwa. Tuseme kati ya wale 34 wa kundi la 30–39, 11 wana 30 kamili. Basi nafasi ya 51 hadi ya 61 zote ni za alama 30, na mediani ya kweli ni 30, ingawa grafu iliyochorwa bila kosa lolote inasema 32.4. Ndiyo maana mediani ikiangukia kwenye kundi linaloanza na 30, mimi huhesabu kwanza kwenye orodha ni wangapi wenye 30 yenyewe, kisha ndipo namwandikia mkuu wa shule.